Kijerumani cha Darasani na Kijerumani cha Mapokezi: Namna ya Kulitumia Darasa la Mtaa Mjini Hamburg

Wiki ya saba ya darasa langu la kwanza la Kijerumani nilienda kwa daktari peke yangu. Darasani nilikuwa sibabaiki. Nilijua kutaja jina langu, kwamba natoka Tanga, nina watoto wawili na ninapenda kupika. Dada wa mapokezi akainua macho, akaniuliza maneno matatu: "Worum geht es?" Yaani shida yako ni nini. Kila neno nilikuwa nimekutana nalo, lakini pale kwenye foleni, watu nyuma yangu, sikulitambua hata moja. Nikasema "ja". Akauliza tena. Nikasema "ja, danke" na kutoka nje na kikohozi changu.

Darasa linakufundisha sentensi unazoanzisha wewe. Dukani, kliniki na ofisini, wanaoanza ni wao. Basi anayejifunza ili ajitumie mwenyewe mjini inabidi ageuze kazi: atumie darasa kujifunza kusikia swali litakalomjia, kisha ndiyo jibu. Mwongozo huu ni wa namna ya kufanya hivyo. Nimeuandika kwa Hamburg kwa sababu ndiko ninakoishi, lakini mambo mengi ni yaleyale Berlin au Köln.

Darasa lipi

Kuna aina tatu ambazo watu huzichanganya, na kuzichanganya kunagharimu muda.

Ya kwanza ni kozi ya serikali iitwayo Integrationskurs. Ile ya kawaida ina masomo 600 ya lugha na 100 ya maisha, historia na sheria za nchi, kila somo dakika 45. Lengo lake ni kiwango cha B1, yaani uwezo wa kati wa lugha, na mwisho kuna mtihani wenye cheti. Nani anaruhusiwa kuingia, nani analazimishwa na nani analipa nini ni kanuni ambazo hubadilika, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa jirani yako mwaka juzi. Nenda ukaulize kwenye ushauri wa wahamiaji, ambao ni bure: wenye miaka 27 na zaidi huenda Migrationsberatung, walio chini ya hapo huenda Jugendmigrationsdienst.

Ya pili ni kozi za Volkshochschule, chuo cha elimu ya watu wazima kilichopo karibu kila mji. Unalipa ada, unapimwa kiwango, unawekwa A1, A2 au panapokufaa. Ukipimwa, usijikaze uonekane unajua kuliko unavyojua. Anayekaa darasa lililomzidi huishia kunakili ubaoni bila kufungua mdomo.

Ya tatu ndiyo ninayoizungumzia hapa: darasa la mtaa. Linafanyika kwenye kituo cha mtaa, kanisani, msikitini au maktaba, na mara nyingi mwalimu ni mstaafu anayejitolea. Hamburg, maktaba za umma ziitwazo Bücherhallen zina vikundi vya mazungumzo vinavyojulikana kama Dialog in Deutsch. Ni bure, huandikishwi, unaingia na kukaa. Hapo sarufi haifundishwi kwa mpangilio. Watu wanaongea, na anayejua anamsaidia asiyejua.

Darasa la mtaa lina upungufu mmoja mkubwa uujue mapema. Karatasi unayopewa, kama unapewa, inaitwa Teilnahmebescheinigung, yaani uthibitisho kwamba ulihudhuria. Hiyo si cheti cha mtihani. Ukiombwa cheti cha B1 kwa ajili ya kibali cha kudumu au uraia, haitakusaidia. Mimi nilikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja: asubuhi kozi ya cheti, Alhamisi jioni darasa la mtaa. Na nasema wazi kwamba Alhamisi ndiyo iliyonifungulia mji, kwa sababu mwalimu wa asubuhi alikuwa na kitabu cha kumaliza, na yule wa jioni alikuwa na muda wa kuniuliza wiki hii naenda wapi.

Ukienda kuulizia nafasi, uliza mambo mawili tu: kama kuna wa kuangalia watoto (tafuta neno Kinderbetreuung kwenye tangazo), na kama mwanafunzi anaweza kuleta jambo lake mwenyewe darasani. Jibu la pili likiwa hapana, tafuta darasa jingine.

Peleka safari moja kwa wiki

Kila wiki chagua shughuli moja tu ambayo kweli unaihitaji: kupanga miadi ya daktari, kuchukua mzigo posta, kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja. Moja. Ukipeleka tatu, utatoka na orodha ya maneno na hakuna utakalolifanya.

Kabla ya darasa, chora karatasi iwe na safu mbili. Upande wa kushoto andika kwa Kiswahili unachotaka kusema. Upande wa kulia, ambao watu wengi hawauandiki, andika kwa Kiswahili kila swali unalodhani utaulizwa. Darasani mwombe mwalimu akupe Kijerumani cha upande wa kulia kwanza. Yeye amepiga simu za namna hiyo maisha yake yote, atakuongezea maswali mawili matatu ambayo wewe hungeyawaza. Hayo ndiyo yatakayokukwamisha, kwa hiyo yapigie mstari.

Kisha igizeni. Kama shughuli ni ya simu, kaeni mmepeana migongo. Mwalimu wangu alitufundisha hilo na sikuelewa maana yake mpaka nilipojaribu: uso wa mtu hukusaidia zaidi ya unavyofikiri, na kwenye simu haupo.

Mara ya kwanza aseme polepole, ya pili kwa kasi yake ya kawaida, ya tatu abadilishe maneno bila kukuambia. Ukimjibu sawasawa mara ya tatu, uko tayari kwenda.

Jina lako, herufi kwa herufi

Hili nalitilia mkazo kwa sababu linatuhusu sisi hasa. Wengi wetu tulifundishwa kutaja herufi kwa Kiingereza shuleni, na Kiingereza hicho kinaharibu jina mbele ya Mjerumani. Chukua Neema. Kwa Kiingereza utataja "en, ii, ii, em, ei". Mjerumani akisikia "ii" anaandika I, na akisikia "ei" anaelekea kuandika E. Umekuwa "Niime", na kadi ya bima yako haifanani tena na rekodi yao.

Dawa yake iko kwenye lugha yetu. Irabu za Kijerumani zinatajwa kama zetu: aa, ee, ii, oo, uu. Jifunze tu konsonanti zinazotofautiana: J ni "yot", V ni "fau", W ni "ve", Z ni "tset", Y ni "ipsilon". Mwajuma basi ni em, ve, aa, yot, uu, em, aa. Mtu akikuambia "Buchstabieren Sie bitte" anakuomba hivyo. Fanya mazoezi mpaka uweze kulitaja jina lako lote la pasipoti ukiwa unaosha vyombo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kusikia unapoitwa. Kwenye chumba cha kusubiri, Juma ataitwa "Yuma", Zuhura ataitwa "Tsuhura", Waziri ataitwa "Vatsiri". Watu wamekaa na kupitwa na zamu huku wakidhani anaitwa mwingine. Mwombe mwalimu asome kwa sauti jina lako kama angeliona kwa mara ya kwanza, ulisikie.

Namba na saa

Kijerumani kinataja mamoja kabla ya makumi: 21 ni "einundzwanzig", moja na ishirini. Anayejua Kiarabu, na wapo wengi kati yetu waliokaa Maskati au Dubai, ataona ni mpangilio uleule anaoujua. Wengine tunaumia. Ukiambiwa bei ni "drei achtundsechzig", ni euro 3.68, lakini mkono unataka kuandika 86. Njia iliyonisaidia ni kutoandika chochote mpaka namba imalizike, kisha naandika yote kwa mkupuo. Kwa namba ya simu, taja tarakimu mojamoja, na ukisikia "zwo" ujue ni mbili. Wanasema hivyo ili "zwei" isichanganywe na "drei".

Saa ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu kwetu kuna hesabu mbili zinazogongana. "Halb drei" ni nusu kuielekea tatu, yaani 2:30. Msikilizaji wa Kiswahili anasikia "nusu" na "tatu", na kichwani inakuwa tatu na nusu. Halafu, kwa kuwa amezoea saa zetu, anaanza kuigeuza tena. Kwa saa zetu, "halb drei" ya mchana ni saa nane na nusu. Mimi nilifika saa nzima baada ya miadi kwa sababu hiyo, na nikarudishwa.

Nakushauri kwa miadi usigeuze kabisa. Iombe kwa saa ishirini na nne: "Also vierzehn Uhr dreißig?" Iandike 14:30 kama ilivyo, na uiweke kwenye simu kama 14:30. Ukitaka kuwaeleza watu wa nyumbani, toa sita: 14 kutoa 6 ni nane, 17 kutoa 6 ni kumi na moja. Ikizidi kumi na mbili, toa tena kumi na mbili: 19 inakuwa 13, basi ni saa moja jioni.

Safari yenyewe: kikohozi, kuanzia simu hadi duka la dawa

Nitasimulia nilivyorudi kwa daktari wiki tatu baada ya kushindwa, kwa kuwa ndiyo safari iliyonifundisha mengi.

Upande wa kushoto wa karatasi yangu kulikuwa na sentensi mbili. "Guten Tag, ich möchte einen Termin vereinbaren," naomba kupanga miadi. Na "Ich habe seit drei Wochen Husten," nina kikohozi kwa wiki tatu. Upande wa kulia mwalimu alinijazia mpaka karatasi ikaisha. Watauliza kama umewahi kuja: "Waren Sie schon einmal bei uns?" Watauliza tarehe ya kuzaliwa. Watauliza bima: "Gesetzlich oder privat versichert?", yaani ni bima ya umma au ya binafsi. Watauliza lile lililoniangusha, "Worum geht es?" Na mwisho, wakitaja siku: "Passt Ihnen das?", je, inakufaa?

Tarehe ya kuzaliwa ilinichukua jioni nzima. Mwaka 1988 husemwa kumi na tisa mia, nane na themanini: "neunzehnhundertachtundachtzig". Ni neno moja. Nilikariri langu kama nilivyokariri surah utotoni, kwa sauti na kwa mwendo, bila kulichambua, na mpaka leo hunitoka lenyewe.

Siku ya simu, salamu ni fupi. Kwetu ungeuliza habari za asubuhi, za kazi, za nyumbani, na kuingia moja kwa moja kwenye shida kungekuwa utovu wa adabu. Pale mapokezi adabu ni "Guten Tag" kisha jambo lako, kwa sababu mwenye zamu nyuma yako anasubiri. Adabu yetu ya "naomba" inapata makazi yake kwenye "Ich hätte gern" na "Ich möchte", usiseme "Ich will", nataka. Na tumia "Sie", "wewe" ya heshima. Darasani huenda mnaitana "du", "wewe" ya watu waliozoeana, na mazoea hayo hukufuata nje. Usiipime kama shikamoo, kwa umri. Mtu mzima usiyemjua ni "Sie", hata akiwa mdogo kwako.

Nilipopewa siku, nilirudia niliyoyasikia: siku, tarehe, saa. Hapa kuna tabia yetu moja ya kuiangalia. Tunaposikiliza tunaitikia "eeh, eeh, sawa" kumwonyesha mtu kwamba tupo naye. Kwa Kijerumani inageuka "ja, ja", na anayekusikia anaelewa kwamba umeelewa na umekubali. Badala yake rudia neno la mwisho alilosema, au sema "Können Sie das bitte aufschreiben?", tafadhali niandikie. Ukiwa mbele ya mtu, sentensi hiyo ya kuandikiwa ina nguvu kuliko "ongea polepole". Polepole hudumu sentensi moja, na karatasi utaenda nayo nyumbani.

Daktari alinisikiliza kifua, akanipa vitu viwili. Cha kwanza kiliitwa Überweisung. Nilikuwa nimejifunza neno hilo benki, ambako ni kutuma pesa, nikadhani nadaiwa. Kwa daktari ni barua ya kukupeleka kwa bingwa, kwangu ilikuwa kwenda kupigwa picha ya mapafu. Maneno ya namna hii yaandikie ukurasa wake. Rezept ni jingine: ni agizo la dawa, na pia ni maelekezo ya kupika. "Nüchtern" nalo linamponza mtu: ukiambiwa uje "nüchtern" kupimwa damu, maana yake bila kula. Mwenzangu wa darasani alikuwa analijua kwa maana ya kutokulewa pombe, akanywa uji wake kwa amani, akarudishwa nyumbani.

Agizo la dawa, kwa wenye bima ya umma, siku hizi halina karatasi. Tangu Januari 2024 linahifadhiwa kwa elektroniki, na duka la dawa linalisoma kwa kadi yako ya bima. Unampa kadi, unalipa mchango, ambao kwa mtu mzima kwa kawaida ni kati ya euro 5 na 10 kwa kila dawa. Ukisikia "Das müssen wir bestellen", dawa haipo, wanaiagiza. Uliza "Wann kann ich sie abholen?", lini niifuate, kisha omba uandikiwe.

Halafu muuzaji akaandika kwenye boksi: 1-0-1. Nyumbani tumezoea bahasha ya dawa yenye 1x3, kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Hapa kila namba ni wakati wake: asubuhi, mchana, jioni. Basi 1-0-1 ni kimoja asubuhi na kimoja jioni, mchana hakuna. Ikiongezwa namba ya nne, ni ya wakati wa kulala. Chini yake kutaandikwa "vor dem Essen" au "nach dem Essen", kabla au baada ya kula. Mrudishie kwa mdomo kabla hujaondoka: "Morgens eine, abends eine?" Kosa la hapa halirekebishwi kwa samahani.

Nilipofika nyumbani niliandika kila nilichokisikia na sikukielewa, nikikiandika kwa herufi za Kiswahili kama kilivyolia sikioni. Usingoje kesho, sauti inapotea. Mwalimu alikuwa akiisoma orodha yangu kwa sauti na kuitambua karibu yote, kwa sababu Kiswahili kinaandika sauti kwa uaminifu.

Barua, na pale darasa linapoishia

Barua za ofisi unaweza kuzipeleka darasani, lakini kwanza piga nakala na ufunike jina, anwani na namba za kesi. Darasani jifunze kutafuta, si kutafsiri. Tafuta tarehe iliyo baada ya "bis zum" na neno "Frist": ndiyo siku ya mwisho. Tafuta "Termin": unaitwa. "Mahnung" ni kumbusho la deni ambalo hukulipa. Ukurasa wa mwisho wa uamuzi wa ofisi mara nyingi una kichwa "Rechtsbehelfsbelehrung", kinachokueleza namna ya kupinga na muda ulionao, ambao aghalabu ni mwezi mmoja. Na bahasha ya manjano usiitupe: juu yake imeandikwa tarehe uliyofikishiwa, na muda wako unahesabiwa kuanzia hiyo tarehe.

Kutoka hapo, mwalimu wa kujitolea amefika mwisho wa kazi yake, hata akiwa mwema kiasi gani. Barua ya kupinga, mkataba wa nyumba au barua ya idara ya wageni, zipeleke kwenye ushauri wa wahamiaji niliotaja juu. Upasuaji na habari nzito za ugonjwa vinataka mkalimani mtu mzima. Tafadhali usimtumie mtoto wako, hata kama Kijerumani chake ni kizuri kuliko chako. Nimemwona msichana wa miaka kumi na moja akimtafsiria mama yake jina la uvimbe.

Na kwenye simu za watu wanaouza umeme au intaneti, usiseme "ja" kwa lolote. Sema "Bitte schicken Sie mir das schriftlich", nitumieni kwa maandishi, ukate. Kama umeshakubali, mkataba uliofungwa kwa simu kwa kawaida una siku 14 za kuufuta, na neno lake ni "Widerruf". Hiyo basi iwe ndiyo safari yako ya wiki: nenda nayo darasani kesho yake, usingoje Alhamisi ipite.